Kutoka Chati ya Kulisha hadi Muhtasari wa Siku: Hoja Kuhusu Watoto wenye Utapiamlo Mkali Wilayani Ruangwa na Nachingwea

Mtoto wa Matambarale anayepata utapiamlo mkali wenye matatizo mengine ya kiafya hupewa rufaa kutoka zahanati, na akifika hospitali ya wilaya, iwe Ruangwa au Nachingwea, hufunguliwa chati ya kulisha. Ni karatasi moja kwa saa 24. Kila mstari ni mlo mmoja wa maziwa: saa, aina ya maziwa, kiasi kilichotolewa, kilichobaki kikombeni, kilichonywewa, kilichopitishwa kwenye mpira wa kulishia, kilichotapikwa kwa makadirio, na kama mtoto ameharisha. Mpangilio huu unatokana na mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, yaliyofuata mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu tiba ya utapiamlo mkali, na wodi nyingi za Afrika Mashariki zinautumia kwa sura zinazotofautiana kidogo.

Asubuhi, wakati wa makabidhiano ya zamu na kabla ya raundi ya daktari, mtu mmoja huigeuza karatasi hiyo kuwa sentensi chache: mtoto amekula kiasi gani, uzito umeendaje, kuna dalili za hatari au hapana, amekaribia kuruhusiwa au bado. Raundi huamua kwa kuzisikiliza sentensi hizo. Ni mara chache daktari mwenye watoto wengi wa kuwaona hurudi kwenye mistari 12 ya chati. Kwa hiyo tiba ya siku inayofuata hutegemea mno jinsi mistari ilivyogeuzwa kuwa sentensi.

Hoja ya makala haya ni kwamba ugeuzaji huo una kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kutofuta kile ambacho chati haikijui. Muhtasari unaojaza mapengo kwa matumaini, unaotaja uzito bila kutaja uvimbe, au unaotafuta wastani wa mapigo ya moyo ya siku nzima, unaweza kuwa na hesabu sahihi kabisa na bado ukamdhuru mtoto. Nitaonyesha hilo kwa mtoto mmoja wa mfano. Si mgonjwa halisi; nimempangia namba zinazofanana na zile zinazoonekana kwenye chati za aina hii, ili msomaji aweze kuzifuata hesabu mwenyewe.

Kilichotolewa na kilichobaki tumboni

Mtoto wetu ana miezi 18. Amefika na uzito wa kilo 6.8, na ana uvimbe unaobonyea kwenye nyayo na miguu yote miwili hadi chini ya magoti, yaani alama mbili kati ya tatu. Anaanzishiwa maziwa ya F-75, ambayo kila mililita 100 zina kilokalori 75 na protini kidogo, gramu 0.9 tu. Kiwango chake ni mililita 130 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 6.8 tunapata mililita 884, zinazogawanywa katika milo 12 ya kila baada ya saa mbili, na jedwali la wodi linakadiria kila mlo kuwa mililita 75. Angekuwa na uvimbe wa mwili mzima, kiwango kingeshushwa hadi mililita 100 kwa kilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ingekuwa maji.

Mlo wa saa 2 asubuhi ananywa mililita 70, wa saa 4 ananywa 65. Saa 6 mchana anamaliza zote 75, kisha anatapika kama 20. Saa 8 ananywa 55, saa 10 ananywa 50, saa 12 jioni 45. Hapa muuguzi anachukua hatua. Asilimia 80 ya mlo wa mililita 75 ni 60, na mtoto ameshindwa kuifikia mara tatu mfululizo. Anawekewa mpira wa puani. Saa 2 usiku ananywa 40 kwa kikombe na kupitishiwa 35 kwenye mpira. Saa 4 ananywa 35 na kupitishiwa 40. Saa 6 ya usiku wa manane ananywa 30 na kupitishiwa 45. Mistari ya saa 8 na saa 10 usiku iko tupu. Saa 12 asubuhi ananywa 60 na kupitishiwa 15.

Tujumlishe. Kwa kikombe ni mililita 525. Kwa mpira ni 135. Jumla 660, tukiondoa 20 zilizotapikwa zinabaki 640. Ukizigawa kwa kilo 6.8 unapata mililita 94 kwa kilo, na kwa kuwa kila mililita ina kilokalori 0.75, mtoto amepata kama kilokalori 71 kwa kilo kwa siku nzima.

Namba hiyo ni muhimu kwa sababu katika siku hizi za mwanzo mtoto anatakiwa apate angalau kilokalori 80 kwa kilo, na asizidi 100. Akishuka chini ya 80, mwili unaendelea kujila wenyewe. Kwa hiyo mtoto huyu yuko chini ya mpaka. Lakini je, ni kweli? Kama ile milo miwili isiyoandikwa ilitolewa yote kwa ukamilifu, jumla inapanda hadi mililita 790, sawa na kilokalori 87 kwa kilo, naye yuko juu ya mpaka bila wasiwasi. Mpaka wenyewe umeangukia ndani ya nafasi mbili tupu.

Nimeona muhtasari wa hali kama hii ukiandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuandika kwamba mtoto alipewa F-75 mililita 75 mara 12, jumla 900. Hiyo ni dawa iliyoagizwa, haisemi lolote kuhusu mtoto. Ya pili ni kuandika 640, namba iliyotoka kwenye chati, na kuishia hapo. Hii inaonekana ya uaminifu zaidi, ila nayo imefanya uamuzi kimyakimya: imeihesabu milo miwili isiyoandikwa kuwa sifuri. Muhtasari unaofaa unaandika mililita 640 kutokana na milo 10 kati ya 12, kisha unataja kwamba mlo wa saa 8 na wa saa 10 usiku haukuandikwa.

Tofauti ya maneno hayo machache inabadilisha raundi. Ikiwa milo hiyo haikutolewa, basi mtoto mwenye utapiamlo mkali alikaa tangu saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi bila chakula, saa sita kamili, tena katika saa za baridi zaidi. Hilo ndilo pengo ambamo sukari ya damu hushuka na joto la mwili hushuka pamoja nayo. Kabla ya kujadili kingine, mtoto apimwe sukari na joto. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, apewe mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa mdomo au kwa mpira. Joto la kwapani likiwa chini ya nyuzi 35, afunikwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na alishwe mara moja. Ikiwa milo ilitolewa na haikuandikwa, muuguzi wa usiku yupo bado, hajaondoka. Aulizwe, na jibu liandikwe kuwa ni la kumbukumbu. Saa mbili baadaye atakuwa nyumbani amelala.

Wodi zilizohamishia chati kwenye kompyuta hazijaepuka tatizo hili, na pengine zimelizidisha. Tuchukue jedwali la Excel ambamo safu ya D ni kilichonywewa, E ni cha mpira, F ni kilichotapikwa:

```
=SUM(D2:D13)+SUM(E2:E13)-SUM(F2:F13)
=COUNTBLANK(D2:D13)
```

Mstari wa kwanza utatoa 640 bila kusita, kwa sababu `SUM` huzipita seli tupu kana kwamba hazipo. Haitatoa onyo lolote. Mstari wa pili ndio utakaosema kwamba kuna milo 2 isiyoandikwa, na namba hizo mbili zinapaswa kusimama pamoja kila mara. Ili mstari wa pili uwe na maana, wodi ikubaliane jambo moja: mtoto aliyepewa kikombe akakataa kabisa huandikiwa 0, na nafasi tupu hubaki kuwa ya mlo ambao hakuna anayejua habari zake. Mtoto anayekataa kikombe na mtoto aliyesahaulika wanahitaji mambo tofauti kabisa. Wa kwanza anahitaji mpira, na pengine uchunguzi wa maambukizi yaliyomwondolea hamu. Wa pili anahitaji muuguzi wa pili zamu ya usiku.

Kuna nafasi tupu, na kuna kitu kibaya zaidi: nafasi iliyojazwa baadaye. Muuguzi mmoja mwenye watoto wengi akijua kwamba pengo litamletea karipio, atajaza 75, 75, 75 alfajiri kabla ya makabidhiano. Mtu anayeandika muhtasari anaweza kulitambua hilo. Mtoto mgonjwa hanywi kiasi kilekile mara 12. Chati isiyo na mabaki hata mara moja, hasa siku mbili za mwanzo, ina walakini. Njia nyingine ni kulinganisha jumla ya chati zote na kiasi cha maziwa kilichokorogwa jikoni usiku huo. Chati zikisema watoto wote walikunywa lita 6 na jikoni zikakorogwa lita 4, hakuna haja ya kubishana. Lakini ulinganisho huu usitumiwe kumsaka mtu. Wodi inayoadhibu mapengo huishia kutokuwa na mapengo kwenye karatasi, na kukosa njia ya kujua ni nani hakula.

Uzito unaoshuka kwa heri, na unaopanda kwa shari

Uzito ndio sehemu ya muhtasari ambayo kila mtu hudhani anaielewa. Tuufuate wa mtoto wetu. Siku ya 1 na ya 2 ana kilo 6.8. Siku ya 3 anashuka hadi 6.6, ya 4 hadi 6.4, ya 5 hadi 6.2 na uvimbe umebaki kwenye nyayo tu. Siku ya 7 uvimbe umekwisha, naye ana kilo 6.1, ambazo zinabaki hivyo hadi siku ya 9. Mama anaona mwanawe amepungua. Bibi aliyekuja kumtembelea anaona hivyo hivyo, tena kwa macho, maana uso uliokuwa umejaa sasa umesinyaa na mbavu zimetokeza. Kwa familia, hospitali imemkondesha mtoto.

Kitabibu, hizo gramu 700 zilizopotea ni maji, na kupotea kwake ni habari njema. Ndiyo maana muhtasari wa uzito usiandikwe kamwe bila kiwango cha uvimbe kando yake. Kuandika tu kwamba uzito umeshuka gramu 200 kunaweza kumfanya daktari mgeni wa zamu aongeze maziwa kwa mtoto ambaye moyo wake hauwezi kuyabeba. Maneno yakiwa kwamba uzito umeshuka gramu 200 na uvimbe umetoka alama mbili hadi moja, anajua asiguse kitu. Na mama aelezwe mapema, siku ya kwanza, kwamba mtoto atapungua kabla ya kunenepa. Akiambiwa siku ya 5, maelezo yatasikika kama kisingizio. Katika kipindi hiki chote kiasi cha F-75 hubaki kilichokokotolewa kwa uzito wa siku ya kwanza, na hesabu ya kilokalori kwa kilo hutumia uzito huohuo, vinginevyo mtoto anayepoteza maji ataonekana kila siku kana kwamba anakula vizuri zaidi kuliko jana, ilhali kikombe ni kilekile.

Kinyume chake pia hutokea. Mtoto aliye kwenye F-75 hatarajiwi kuongezeka uzito. Akiongezeka ghafla gramu mia mbili au tatu kwa siku, hasa kama amewekewa maji ya mshipa au maji ya kuharisha mengi kuliko inavyotakiwa, hayo ni maji yanayojikusanya. Kwa hiyo muhtasari lazima useme mtoto yuko hatua gani ya tiba. Kupanda kwa gramu 200 ni hatari siku ya 3 na ni furaha siku ya 13.

Baada ya uvimbe kuisha na hamu ya kula kurudi, hesabu inabadilika: sasa tunatafuta gramu ngapi kwa kila kilo kwa siku. Chini ya 5 ni hafifu, kati ya 5 na 10 ni wastani, zaidi ya 10 ni nzuri. Mwanzo wa hesabu ni uzito wa chini kabisa baada ya uvimbe kuisha, si uzito wa kulazwa. Mtoto wetu alikuwa na kilo 6.10 siku ya 9, na siku ya 12 ana 6.25. Gramu 150 kwa siku tatu, ukizigawa kwa 3 na kisha kwa kilo 6.1, zinatoa gramu 8.2 kwa kilo kwa siku. Ni wastani, naye anaendelea.

Kwa nini siku tatu? Kwa sababu ya mizani. Mizani ya kuning'iniza inayotumika katika vituo vingi ina vipande vya gramu 100. Kwa mtoto wa kilo 6.1, kipande kimoja ni sawa na gramu 16 kwa kilo. Maana yake ni kwamba kwa mizani hiyo, kwa siku moja mtoto ama hakuongezeka kabisa, ama ameongezeka vizuri kupita kiasi. Hakuna kinachosomeka katikati. Muhtasari unaotangaza kila asubuhi kwamba mtoto amefanya hafifu, kesho vizuri sana, keshokutwa hafifu tena, unaripoti mizani. Hata penye mizani ya kielektroniki ya gramu 10, mkojo mmoja au mlo mmoja wa mililita 75 unatosha kuligeuza jibu la siku moja. Apimwe saa ileile, kabla ya mlo, bila nguo, na muhtasari utoe mabadiliko ya siku tatu pamoja na uzito wa leo.

Mtoto aliye katika hatua ya kukua asipoongezeka siku tatu mfululizo, hapo ndipo sehemu ya maziwa na sehemu ya uzito hukutana na kusemezana. Chati ikionyesha amekula vya kutosha, kuna mawili ya kuchunguza: maambukizi yaliyojificha, kama kifua kikuu, VVU au njia ya mkojo, au chakula kisichofika mdomoni mwake. Mama mwenye watoto wengine aliokuja nao wodini, au aliye na njaa mwenyewe, anaweza kumega kikombe. Hilo halitatuliwi kwa kumkaripia. Hutatuliwa kwa kumpa mama chakula.

Dalili za hatari hazina wastani

Turudi nyuma kidogo: siku ya 5 jioni mtoto wetu anahamishiwa kwenye maziwa ya F-100, sasa kila baada ya saa tatu. Ujazo wa siku ni uleule, lakini nguvu imeongezeka kwa theluthi na protini imepanda kutoka gramu 0.9 hadi 2.9 kwa kila mililita 100. Ndizo siku ambazo moyo uliodhoofika huweza kuelemewa.

Mapigo ya moyo yanapimwa kila saa nne. Yanasomeka 116, 114, 118, kisha saa 2 usiku 144, saa 6 usiku 146, saa 10 alfajiri 142. Pumzi kwa dakika zinasomeka 33, 34, 34, kisha 40, 41, 40. Wastani wa mapigo ni 130 na wa pumzi ni 37. Kwa mtoto wa miezi 18 namba hizo mbili hazimshtui mtu. Muhtasari unaoandika wastani utapita raundi salama, na mtoto atapewa mlo wa asubuhi kama kawaida.

Lakini kanuni ya ufuatiliaji inaangalia mabadiliko: mapigo yakiongezeka kwa 25 au zaidi, na pumzi zikiongezeka kwa 5 au zaidi, na ongezeko likidumu kwa vipimo viwili mfululizo, ni dalili ya hatari. Kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku mapigo yamepanda kwa 26 na pumzi kwa 6, na saa 6 usiku bado yako juu. Mtoto huyu alipaswa kuangaliwa usiku uleule. Ujazo wa F-100 unashushwa hadi mililita 100 kwa kilo kwa saa 24, kisha unapandishwa taratibu.

Kwa hiyo katika sehemu hii muhtasari uchukue kipimo kibaya kuliko vyote, saa yake, umbali wake kutoka kipimo cha awali, na kilichofanyika. Joto la chini kabisa, sukari ya chini kabisa, mapigo na pumzi vilipoongezeka zaidi, idadi ya choo cha majimaji, na kama mtoto amelegea au hana fahamu sawasawa. Pale pasipo na dalili, muhtasari uandike idadi ya vipimo vilivyofanyika: hakuna dalili ya hatari, vipimo 6 kati ya 6. Hakuna dalili ya hatari kwa vipimo 2 kati ya 6 ni taarifa nyingine kabisa, na msomaji ana haki ya kuitofautisha na ya kwanza.

Nani amekaribia kwenda nyumbani

Tumfikie mtoto wetu siku ya 12. Tangu siku ya 9 anakula chakula dawa, ule mchanganyiko wa karanga, maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini uliobuniwa mwaka 1996. Kila paketi ina kilokalori 500. Kwa kilo 6.25, paketi 2 na nusu kwa siku zinampa kilokalori 200 kwa kilo, ndani ya kiwango cha 150 hadi 220. Jana alimaliza paketi 2, yaani asilimia 80 ya alichopangiwa. Yuko macho, anacheza na kifuniko cha chupa, hana uvimbe tangu siku ya 7, hana dalili ya hatari tangu ujazo wa maziwa uliposhushwa, na antibayotiki amemaliza. Mzingo wa mkono wake ni milimita 112.

Je, amekaribia kuruhusiwa? Swali hili huleta utata kwa sababu limefungasha maswali mawili. La kwanza ni kama anaweza kutoka wodini na kuendelea na tiba akiwa nyumbani, akifuatiliwa na kliniki. La pili ni kama amepona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 uliyatenganisha waziwazi. Kwa mwongozo huo, kutoka wodini kulihitaji matatizo ya kiafya, uvimbe ukiwemo, yawe yanaisha, hamu ya kula iwe nzuri, na mtoto awe macho na mwenye hali njema. Kupona kulihitaji mzingo wa mkono ufike milimita 125, au uzito kwa urefu ufike kipimo kinacholingana nacho, na mtoto akae wiki mbili bila uvimbe.

Mtoto wetu amejibu swali la kwanza kwa ndiyo na la pili kwa hapana, na yote mawili ni majibu mema. Muhtasari unaoweka neno moja tu, amekaribia au bado, utaingia kwenye kosa moja kati ya mawili. Wodi inayongoja milimita 125 itamweka mama wiki nyingi zisizo na sababu, na msimu wa palizi ukifika, shamba la mihogo na ufuta likiwa linasongwa na majani na watoto wengine wakiwa wamebaki kwa jirani, mama ataondoka usiku bila paketi wala tarehe ya kurudi. Wodi inayongoja uzito uzidi ule wa kulazwa kwa asilimia fulani itashindwa kabisa kwa mtoto wa namna hii: siku ya 12 ana kilo 6.25, gramu 550 chini ya siku aliyofika, na hata hivyo yuko tayari kutoka. Mwongozo wa 2013 uliacha kigezo cha asilimia ya ongezeko la uzito, na kwa watoto waliofika na uvimbe sababu iko wazi.

Ninachopendekeza ni muhtasari uorodheshe vigezo vya kutoka, na kila kimoja kipewe jibu moja kati ya matatu: kimetimia, hakijatimia, hakijapimwa. Jibu la tatu ndilo linalokosekana kwenye fomu nyingi, nalo ndilo linalofichua kazi iliyobaki. Kwa mtoto wetu, kipimo cha VVU hakijafanyika na kadi ya chanjo haijaonekana. Fomu yenye ndiyo na hapana tu ingemfanya muuguzi aweke alama ya hapana, au aruke, na hakuna ambaye angejua kwamba kipimo cha dakika chache ndicho kilichobaki kati ya mtoto na safari ya kurudi Matambarale.

Utaratibu huu una mipaka. Watoto wa chini ya miezi 6 wana njia tofauti ya kulishwa, inayolenga kurudisha maziwa ya mama, na vigezo vyao vya kutoka ni vingine. Wasiingizwe kwenye muhtasari mmoja na wakubwa. Makadirio ya matapishi ni makadirio tu, na muhtasari usiyageuze kuwa namba kamili yenye desimali. Mtoto anayenyonya anapata pia maziwa ya mama ambayo chati haiyapimi, kwa hiyo kilokalori zilizoandikwa ni za chini kuliko alizopata, na jambo hilo litajwe kwa neno moja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kumwongezea karatasi muuguzi aliye peke yake usiku. Pingamizi hili ni la haki, na lingekuwa na nguvu kama muhtasari ungedai vipimo vipya. Haudai. Kila kilichomo kiko tayari kwenye chati ya kulisha na karatasi ya ufuatiliaji. Kinachoongezwa ni kugawa mara moja kwa uzito, kuhesabu nafasi tupu na kutazama uvimbe. Kwa mtoto mmoja ni dakika chache za mchana, na kazi hiyo inaweza kufanywa na afisa lishe au muuguzi wa asubuhi akiwa bado ameketi na mwenzake wa usiku. Hospitali ikitaka kuanza bila fomu mpya, ianze na sehemu ya milo peke yake: mililita zilizobaki tumboni, kwa kilo, na milo mingapi kati ya mingapi imeandikwa.

Na mtoto anapotoka, nakala ya muhtasari wa mwisho iende naye hadi zahanati. Iwe na uzito wa chini kabisa baada ya uvimbe kuisha, uzito wa siku ya kutoka na mizani iliyotumika, mzingo wa mkono, idadi ya paketi kwa siku, na vigezo vilivyoandikwa kuwa havijapimwa. Mhudumu wa zahanati atampima kwa mizani nyingine, na asipokuwa na namba hizo ataona kwenye kadi mtoto aliyelazwa na kilo 6.8 akirudi na kilo 6.25, na atamrudisha hospitali bila sababu, au atamwambia mama kwamba tiba imeshindwa.